Sindano ilipita wapi? Tando za pafu, lobu na segmenti zake

*Shikamoo daktari. Niko mwaka wa kwanza chuo cha afya. Mama yangu mkubwa alilazwa, tukaambiwa ana maji kwenye mapafu upande wa kulia. Wakamchoma sindano mgongoni, wakatoa lita moja na zaidi, akapata nafuu siku hiyohiyo. Nashindwa kuelewa sindano ilifikaje kwenye pafu bila kulitoboa. Halafu ripoti ya picha ya CT inasema ugonjwa uko "segmenti ya juu ya lobu ya chini, kulia". Sasa ni juu au ni chini? Naomba unieleze tando za pafu, lobu na segmenti kwa lugha nyepesi.*

Marahaba, na pole kwa kuuguliwa.

Sindano ile haikufika kwenye pafu. Maji aliyokuwa nayo mama yako mkubwa hayakuwa ndani ya pafu bali nje yake, kati ya tando mbili nyembamba zinazolizunguka. Hospitalini wote tunasema "maji kwenye mapafu", na mgonjwa anatuelewa, lakini wewe unayesoma inabidi ujue kwamba kuna maji ya aina mbili. Yanapojaa ndani ya vifuko vya hewa vyenyewe, kama inavyotokea moyo unapozidiwa, hayatoki kwa sindano hata kidogo. Yanayotoka kwa sindano ni ya nje ya pafu. Tuifuate sindano hiyo hatua kwa hatua, kwa sababu njia yake inapita karibu kila kitu ulichouliza.

Tuanze na tando. Utando huu unaitwa pleura. Vitabu vinasema una tabaka mbili, na wanafunzi wengi hapo hupata picha ya mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine. Sivyo. Ni mfuko mmoja uliofungwa kote. Chukua mpira wa miguu uliopungua upepo, uukandamize kwa ngumi mpaka ngozi yake iizunguke ngumi yote. Sasa ngumi imefunikwa na tabaka mbili za mpira uleule: moja imeigusa ngumi, nyingine iko nje, na kati yake kuna nafasi. Ngumi yenyewe haimo ndani ya mpira. Iko nje yake, imezungukwa tu. Pafu nalo lilikua hivyo tangu tumboni mwa mama, likiusukuma mfuko wa pleura kadiri linavyotanuka. Tabaka lililogandana na pafu tuliite pleura ya pafu. Lile linalobandika upande wa ndani wa mbavu, juu ya kiwambo na pembeni mwa moyo tuliite pleura ya ukutani. Yanakutana na kuwa kitu kimoja kwenye mzizi wa pafu, pale bomba la hewa na mishipa mikubwa ya damu inapoingilia.

Kwa mtu mzima mwenye afya, kati ya tabaka hizo mbili kuna majimaji kidogo sana, mililita chache tu kila upande. Yanazilainisha tando ili pafu liteleze kila unapovuta pumzi. Yanatengenezwa zaidi na pleura ya ukutani na kunyonywa na tabaka hilohilo, kupitia vitundu vidogo vinavyoingia kwenye mishipa ya limfu. Kwa hiyo maji hujaa kwa njia mbili: yanatengenezwa kwa wingi kupita kiasi, au njia za kuyanyonya zimeziba. Mara nyingi ni yote mawili kwa pamoja.

Jambo la pili la kulishika ni mvutano. Pafu limejaa nyuzi zinazovutika, na saa zote linataka kusinyaa kuelekea mzizi wake. Kifua nacho kinataka kutanuka nje. Vinavutana pande mbili, na kwa sababu hiyo shinikizo katika nafasi ile ya pleura liko chini ya lile la hewa ya nje, kama sentimita 5 za maji mtu anapomaliza kutoa pumzi. Mvutano huu ndio unaolishikilia pafu ukutani. Maji yakiingia katikati, pafu linapata nafasi ya kufanya lililokuwa likilitaka siku zote: linasinyaa na kujiondoa ukutani. Basi pale sindano ilipochomwa, pafu halikuwepo. Lilikuwa limekwisha kurudi ndani, na mbele ya ncha ya sindano palikuwa na maji matupu.

Sasa sindano yenyewe. Mgonjwa huketi, ameinamia meza mbele yake, mikono juu ya mto. Daktari hugonga mgongo kwa vidole kutoka juu kwenda chini. Juu ya pafu lenye hewa mlio unakuwa wa uwazi. Mahali pa maji unakuwa mzito, kama unagonga paja. Akifika mlio unapobadilika anashuka nafasi moja ya mbavu, na kama kuna altrasaundi, anahakikisha kwa macho kwamba kweli pana maji, na kina chake ni cha kutosha. Kama hana, havuki chini ya ubavu wa 9, kwa sababu upande wa kulia chini ya hapo kuna ini lililojificha nyuma ya kiwambo.

Sindano hupita ngozi, mafuta, misuli, halafu nafasi kati ya mbavu mbili. Hapa kuna kanuni ambayo mtahiniwa hapati usingizi bila kuijua: pita juu ya ukingo wa juu wa ubavu wa chini. Sababu ni kwamba chini ya kila ubavu, katika mfereji wake, hupita vena, ateri na neva. Ukichoma ukiukaribia ubavu wa juu, unaweza kutoboa ateri na kumwaga damu kwenye nafasi uliyokuja kuikamua maji.

Baada ya misuli sindano hugusa pleura ya ukutani, na hapo ndipo ganzi inapotakiwa kumwagwa kwa wingi, kwani tabaka hilo lina hisia kali. Linahudumiwa na neva zilezile za kati ya mbavu, ndiyo maana mgonjwa wa pleura anaweza kukuonyesha kwa kidole kimoja panapomchoma. Sehemu ya katikati ya kiwambo inahudumiwa na neva inayotoka shingoni, hivyo pleura ya pale ikiumia, mgonjwa analalamikia bega. Usimpake dawa ya kuchua begani ukadhani umemaliza. Pleura ya pafu, kwa upande wake, haina hisia hiyo ya maumivu. Muulize mama yako mkubwa ugonjwa ulivyoanza. Wagonjwa wengi husimulia kwamba siku za mwanzo kulikuwa na kichomi kikali kila wakivuta pumzi, kisha kichomi kikapungua na badala yake wakaanza kuhema. Kichomi kilikuwa cha tando mbili zilizovimba zikisuguana. Maji yalipoongezeka yakazitenganisha, maumivu yakapoa, lakini pafu likakosa nafasi. Mgonjwa anayesema "maumivu yamepungua ila pumzi imekuwa fupi" hajapona.

Kwa nini hawakutoa maji yote hadi tone la mwisho? Kwa kawaida hatuvuki lita 1.5 kwa mkupuo mmoja. Pafu lililosinyaa kwa siku nyingi likitanuliwa kwa ghafla, mishipa yake midogo huvujisha maji ndani ya vifuko vya hewa, na hapo utakuwa umemtibu mgonjwa maji ya nje ukampa ya ndani. Mgonjwa akianza kukohoa mfululizo au kubanwa kifua wakati maji yanatoka, tunasimama. Kikohozi kidogo mwishoni ni cha kawaida, maana pafu linarudi ukutani.

Kuna sehemu moja ya pleura inayostahili neno zaidi. Mfuko wa pleura ni mrefu kuliko pafu. Ukishuka kwa mstari wa katikati ya mtulinga, pafu huishia ubavu wa 6 na pleura wa 8. Ubavuni, chini ya kwapa, ni 8 kwa 10. Mgongoni ni 10 kwa 12. Tofauti ni mbavu mbili kila mahali, na nafasi hiyo ya ziada, iliyobanwa kati ya kiwambo na mbavu, ndiyo inayopokea maji kwanza mtu akiwa wima. Kwenye eksirei ya kawaida ya kusimama, ile kona kali ya chini ya kifua huonekana imejaa, imekuwa butu, maji yakifika kama mililita 200. Chini ya hapo eksirei inaweza kukuambia kifua ni kizima wakati altrasaundi imeshayaona.

Pleura ya pafu haifuniki tu uso wa nje. Inazama ndani ya nyufa za pafu, ikafunika pande zote mbili za kila ufa. Kwa hiyo nyufa ni sehemu ya nafasi ya pleura, na maji yanaweza kuingia humo. Yakijikusanya kwenye ufa, eksirei huonyesha kivuli cha mviringo chenye kingo safi, ambacho kimewahi kumtia hofu ya uvimbe zaidi ya daktari mmoja kijana. Mgonjwa akipewa dawa za kupunguza maji mwilini, "uvimbe" unatoweka.

Nyufa hizo ndizo zinazoligawa pafu kuwa lobu. Pafu la kulia lina nyufa mbili na lobu tatu: ya juu, ya kati na ya chini. La kushoto lina ufa mmoja na lobu mbili, kwa kuwa moyo umeegemea upande huo. Sehemu ya pafu la kushoto inayolingana na lobu ya kati haikupotea. Ni kiulimi kilichobaki kimeungana na lobu ya juu, kikiuzungukia moyo.

Ukiyasoma majina hayo bila kuugusa mwili, unaona lobu zimepangwa moja juu ya nyingine, mlalo. Hapa ndipo swali lako la "juu au chini" lilipozaliwa. Ufa mkubwa umekatwa mshazari. Weka kidole mgongoni kwenye uti, karibu na pingili ya 3 ya kifua, yaani usawa wa ule mfupa unaotokeza juu ya kombe la bega. Anzia hapo, shuka ukizunguka ubavuni, upite ubavu wa 5 chini ya kwapa, uishie mbele kwenye ubavu wa 6. Huo ndio ufa wa mshazari, na uko pande zote mbili. Njia rahisi zaidi ni kumwambia mtu aweke kiganja chake nyuma ya kichwa: kombe la bega linazunguka, na ukingo wake wa ndani unalala karibu sawasawa na ufa. Upande wa kulia tu, ongeza mstari mwingine: kutoka kwenye kidari, fuata gegedu ya ubavu wa 4 kwenda pembeni, karibu usawa wa chuchu kwa mwanamume, mpaka ukutane na ule wa kwanza chini ya kwapa. Huo ni ufa wa mlalo. Juu yake ni lobu ya juu, chini yake lobu ya kati.

Sasa tazama ulichochora. Mgongo karibu wote, toka usawa wa pingili ya 3 kushuka chini, ni wa lobu ya chini. Kifua cha mbele karibu chote ni cha lobu ya juu, na kulia ya kati pia. Lobu ya chini ingefaa kuitwa lobu ya nyuma, kama ningekuwapo majina yalipogawiwa. Mwanafunzi anayeweka stetoskopu mbele tu kwa sababu mgonjwa amelala na hataki kumsumbua hajaisikia lobu ya chini kabisa, isipokuwa kipande kidogo pembeni. Na anayesikiliza mgongoni tu hajaisikia lobu ya kati, ambayo iko mbele, chini ya ufa wa mlalo, mpaka kwapani.

Katika eksirei pia ni hivyo. Huwezi kusema "chini ya picha, basi lobu ya chini". Lobu ya kati imegusana na ukingo wa kulia wa moyo. Ikijaa nimonia, ukingo huo unafutika kwenye picha. Lobu ya chini imekalia kiwambo. Ikijaa, mstari wa kiwambo ndio unaofutika na ukingo wa moyo unabaki wazi. Kivuli cha mahali palepale, kwa hiyo, kinaweza kuwa cha lobu mbili tofauti, na kinachokuambia ni mstari gani umepotea. Nyufa zenyewe kwa watu wengi hazijakamilika, hasa ule wa mlalo: lobu mbili zinabaki zimeungana kwa ndani, na ugonjwa unavuka. Usishangae CT ya mtu mzima wa afya ikaonyesha ufa wa nusu.

Ndani ya kila lobu kuna mgawanyo mwingine, ila huu hauna ufa wala alama juu ya uso wa pafu. Ili kuuona, fuata hewa. Trakea inagawanyika kuwa bronki kuu mbili. Ya kulia ni fupi, pana na imeshuka wima zaidi, ndiyo maana karanga anayovutia mtoto mara nyingi huenda kulia. Kila bronki kuu hutoa bronki za lobu, moja kwa kila lobu, na kila bronki ya lobu hutoa bronki za segmenti. Segmenti ni kipande cha pafu kinachopata hewa kutoka kwa bronki moja ya ngazi hiyo ya tatu, pamoja na tawi lake la ateri linaloifuata katikati. Umbo lake ni la piramidi: ncha inaelekea mzizi wa pafu, kitako kiko nje kikigusa pleura. Vena hazifuati bronki. Zinapita mipakani, kati ya segmenti na jirani yake. Daktari mpasuaji anayetaka kutoa segmenti moja na kuiacha lobu iliyobaki huzitumia vena hizo kama alama za mpaka, au huziba bronki ya segmenti kisha akajaza hewa pafu aone ni kipande gani kinabaki tofauti na jirani zake. Mpaka wenyewe hauzuii hewa kabisa, kwa kuwa kuna vitundu vidogo kati ya vifuko vya hewa, hivyo mstari anaouona si mkali kama wa kisu.

Majina tunayotumia leo yalipangwa mwaka 1943 na Jackson na Huber huko Marekani. Kulia segmenti ni 10: lobu ya juu 3, ya kati 2, ya chini 5. Kushoto utakuta kitabu kimoja kinasema 8, kingine 10. Vyote vimeangalia pafu lilelile. Kushoto kuna jozi mbili za segmenti ambazo bronki zake hutoka kwenye shina moja, na waandishi wanatofautiana kama wazihesabu moja au mbili. Usipoteze usiku kwa hilo.

Zile 5 za lobu ya chini kulia ndizo zinazokuhusu. Nne zimekaa chini, juu ya kiwambo, na zinaitwa za kitako. Moja iko juu yao, nyuma, mgongoni kati ya kombe la bega na uti: segmenti ya juu ya lobu ya chini. Kwa hiyo ripoti haijajipinga. Ni sehemu ya juu ya lobu ambayo yenyewe inapanda nyuma mpaka karibu na pingili ya 3. Segmenti hii iko juu zaidi ya lobu ya kati, ingawa jina la lobu yake ni "ya chini".

Bronki ya segmenti hii hutoka peke yake, ya kwanza katika lobu ya chini, na inaelekea nyuma moja kwa moja. Mtu akilala chali, mdomo wa bronki hiyo unakuwa mahali pa chini kabisa. Mate au matapishi yakimpita mgonjwa wa kifafa, mlevi au aliyepewa dawa ya usingizi akiwa amelala chali, huko ndiko yanakodondokea, pamoja na segmenti ya nyuma ya lobu ya juu. Yakimpita akiwa ameketi, yanashuka kwenye segmenti za kitako. Kwa hiyo mahali pa jipu la pafu panaweza kukuambia mgonjwa alikuwa amelalaje. Segmenti hii pia ni mojawapo ya mahali ambapo kifua kikuu cha mtu mzima hupenda kukaa, pamoja na segmenti ya kilele na ya nyuma za lobu ya juu. Ndiyo maana waliomhudumia bila shaka watataka makohozi, hata kama hakohoi sana.

Hapo maji na segmenti vinakutana. Kitako cha piramidi kinagusa pleura. Ugonjwa ulioko karibu na uso wa segmenti unaweza kuuchokoza utando, au kumwaga vijidudu vichache kwenye nafasi ya pleura, na utando ukajibu kwa kutoa maji. Kwa kifua kikuu maji hayo huwa ya manjano kama majani makavu, yenye protini nyingi na seli za limfosaiti, lakini vijidudu vyenyewe ni vichache mno, hivyo kutovikuta chini ya hadubini hakufuti ugonjwa. Yakitoka usaha, ni hadithi nyingine, na hapo sindano haitoshi. Huwekwa mpira wa kutolea.

Ukimtembelea tena na stetoskopu yako mpya, muombe akae na kujikumbatia mabega ili makombe yafunguke. Sikiliza kulia, kati ya kombe na uti, usawa wa katikati ya kombe. Hapo ni juu ya segmenti yenyewe, na ukisikia pumzi kali ya mvumo kama ile inayosikika juu ya trakea, unaisikia sehemu iliyojaa ugonjwa. Kisha shuka chini ya ncha ya kombe na ugonge. Pumzi ikiwa hafifu hapo, na mlio mzito kama ule wa paja, maji yanarudi, na inafaa uwaambie wauguzi siku hiyohiyo.